Bili Haijatoka

Mimi hasira zangu nilizaliwa nazo, na wanaonifahamu wanajua. Mama yangu alikuwa akisema mtoto huyu akikosewa leo atakasirika mpaka Pasaka ya mwakani. Basi hili ninalolisimulia Pasaka nyingi zimepita juu yake, na bado hasira haijaisha. Naomba msomaji anivumilie nikipandisha sauti.

Aliyekosewa hasa si mimi. Ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Sisi Waluguru ukisema mjomba umesema kitu kizito, maana mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Wangu ndiye aliyenilea baba alipofariki, akanisomesha kwa mshahara wa kiwanda cha ngozi pale mjini. Baadaye viwanda vikaanza kufungwa na kuuzwa kimoja kimoja, wafanyakazi wakapunguzwa kama miche ya mchicha, naye akarudi nyumbani na bahasha na baiskeli. Wakati ule kila mtu alikuwa akitafuta pa kujishikiza. Mitumba, genge, kuku wa kizungu, yaani mtu akiamka asubuhi anaanza biashara, jioni imeshakufa.

Aliyetuokoa ni Mhindi mmoja mwenye duka la redio katikati ya mji. Televisheni zilipoanza kuingia bara aliona mbali. Akaweka madishi makubwa juu ya ghorofa lake, akavuta nyaya nguzo kwa nguzo, watu wakaangalia picha safi kwa ada ya kila mwezi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mafunzo ya kompyuta ya miezi mitatu, akaniajiri niandike bili. Mjomba nikamwombea kazi ya kukusanya ada. Bosi alimtazama yule mzee aliyepiga pasi shati lake mpaka kola inang'aa, akasema, "Huyu watu watamfungulia mlango." Hapo hakukosea.

Kwa mji wetu biashara ile ilikuwa na soko hasa kule chini ya mlima. Ukikaa ubavuni mwa Uluguru antena yako ni pambo tu, mlima unaziba, unapata chenga na sauti ya mchele ukikaangwa. Mjomba ndiye aliyezunguka mitaa ile ya mwinuko akiwashawishi watu. Manesi, walimu, mama wanaoshusha mboga sokoni na kujengewa nyumba na watoto wao. Wote wakamjibu neno moja: "Mzee, subiri mwisho wa mwezi." Ndivyo tulivyo. Kitanda, bati, mahari, kila kitu kinasubiri mwisho wa mwezi, na hata muuza kabichi ambaye hana mshahara anasubiri, maana wanunuzi wake ndio wenye mshahara. Kwa hiyo mafundi walipopanda na nyaya zao, walipanda tarehe thelathini na moja ya mwezi wa nane. Wakaunganisha nyumba karibu zote za mwinuko ule siku hiyo hiyo, watoto wakashangilia hadi watu wa kigango, lile kanisa dogo la juu mlimani, wakadhani kuna arusi.

Sasa niseme kompyuta ilivyofanya kazi, maana bila hilo hutanielewa. Kabla ya hapo bili zote zilikuwa zikiandikwa kwa mkono tarehe mosi. Wateja walipozidi, mwaka mpya ulipoanza, bosi akamlipa mtaalamu wa Dar atuandikie programu, akaagiza kila mteja atozwe kwa tarehe aliyounganishwa. Uliunganishwa tarehe kumi, bili yako inatoka kila tarehe kumi. Kila asubuhi nikiiwasha, programu inasoma tarehe ya leo, inawatafuta wateja wenye tarehe hiyo, inawaandikia deni na kuwachapia bili. Jumatatu ilianza na za Jumapili, maana Jumapili hatukufungua. Printa inalia kama cherehani mbovu, mimi nachana karatasi, mjomba anazichukua anapanda nazo mlimani.

Na mjomba alikuwa na amri yake moja ambayo hakuna aliyempa. Hapokei hela bila bili. Ungemlilia, ungemwapia, ungemwambia kesho unasafiri kwenda Gairo kwenye msiba. "Bili haijatoka, sipokei hela." Alisema kiwandani aliona wanaume wazima wakipelekwa polisi kwa sababu ya hela zisizo na karatasi. Mimi nilimtania, nikamwambia, "Mjomba, wewe hata sadaka utamdai padri risiti." Alicheka. Naye ndiye alikuwa mweka hazina wa kigango chao kule juu, mfuko wa sadaka unalala kwake miaka yote, na hapakuwahi kupotea hata sumni.

Basi ikawa hivi. Kuna miezi watu wa mwinuko walileta hela, mjomba akatafuta bili zao kwenye mkoba asizione. Akawaambia bili haijatoka, tulieni, itakuja. Mwezi unaofuata bili inakuja, lakini ya mwezi mmoja tu. Aliniuliza mara moja ofisini, "Mpwa wangu, hawa wa mlimani mbona bili zao zinaruka?" Nikamuuliza bosi mbele yake. Bosi akafungua orodha ya wadaiwa kwenye kompyuta, akasema, "Hakuna anayedaiwa, sasa bili ya nini?" Na kweli orodha ilikuwa safi. Bili isipotoka, deni haliandikwi, na deni lisipoandikwa, mtu anaonekana amelipa. Tukarudi kazini. Karatasi isiyotoka kwenye printa haina wa kuiona, jamani.

Mwezi wa tano akaja mkaguzi wa hesabu kutoka Dar. Mtu wa suti, mwenye kalamu tatu mfukoni. Yeye hakuanza na orodha ya wadaiwa. Alihesabu wateja waliounganishwa, akazidisha kwa ada, akalinganisha na fedha zilizoingia. Mwezi wa pili pengo. Mwezi wa nne pengo. Mwezi wa tatu hamna. Akatafuta pengo liko mtaa gani, akakuta ni la mwinuko, njia ya mjomba wangu.

Akapanda mwenyewe kuuliza watu. "Mwezi wa nne mlilipa?" Wakamjibu kweli yao, watu wasio na hila: "Hatukulipa. Mzee alituambia tusilipe." Si ndiyo? Aliwaambia hivyo. Kisha akamkuta mjomba mwenyewe anashuka, baiskeli imesheheni ndizi, njegere, kabichi mbili, na pakacha la matunda damu. Kwetu huko mtu akifika mlangoni haondoki mikono mitupu, hata akija kukudai. Ukimkatalia mama wa Kiluguru kabichi yake umemtukana. Lakini mkaguzi yule aliangalia baiskeli ile akaona rushwa yenye magurudumu mawili.

Nilikuwapo aliposoma mashtaka yake mbele ya bosi. Mjomba amesimama, kofia mkononi. Mkaguzi anasema huyu mzee anawaachia watu waangalie bure, wao wanamlipa kwa mazao na nani ajue nini kingine. Nikaruka. Nilisema hayo maneno yake ayarudishe Dar alikoyatoa. Nilisema mjomba wangu angependa kuiba angeiba mfuko wa Bwana Yesu ulio uvunguni mwake. Bosi akanitazama kwa huruma, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mkaguzi akatabasamu, akasema, "Na anayechapa bili ni mpwa wake." Nikasema basi kagueni kompyuta. Akanijibu, "Binti, kompyuta haina mjomba. Kompyuta haidanganyi."

Nikatolewa nje. Wakabaki watatu ndani. Mjomba alipotoka aliniambia nirudi kwenye meza yangu, akachukua baiskeli yake, akaondoka bila mkoba. Bosi akasema mzee amekubali kosa, ameweka sahihi, mshahara wake wa mwisho utakatwa na polisi hawataitwa. Amekubali? Mjomba wangu? Nilimfuata jioni ile mpaka kwake, nikalia, nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anapalilia vitunguu. "Fanya kazi yako," akasema. "Kazi siku hizi haziokotwi."

Aliyenipa ukweli ni mkewe, jikoni, akinimiminia uji. Mkaguzi alikuwa amemwambia mjomba achague. Aweke sahihi peke yake, au waandikwe wote wawili, mjomba na mpwa, na polisi waje. Akaweka. Nilipotaka kushuka usiku ule ule nikawatupie kazi yao usoni, mke wa mjomba akanishika mkono. "Ukiacha kazi," akasema, "atakuwa ameweka sahihi bure."

Nikabaki. Kila asubuhi nawasha mashine ile, naiangalia kama mtu anavyomwangalia mke mwenza.

Habari zilipanda mlima kabla ya mjomba hajamaliza kupalilia. Jumapili ya pili, baada ya misa, wazee wa kigango walimfuata wakamwomba mfuko wa sadaka, kwa adabu nyingi, wakisema apumzike. Alikwenda uvunguni, akautoa, akahesabu mbele yao, akawakabidhi. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani. Watu wakisalimiana wanasema, "Lisemwalo lipo." Wale wale waliokuwa wakimjazia baiskeli kabichi. Hata hivyo si wote, nisije nikadhulumu. Mama mmoja muuza karoti alibishana na kisima kizima, akasema yeye alimpelekea mzee hela mkononi na mzee akaikataa, mwizi gani anakataa hela? Wakamwambia anyamaze, ameweka sahihi huyo.

Ikafika tarehe mosi mwezi wa saba. Nimefungua ofisi, naona mama mzazi wa bosi anapanda ngazi taratibu, sari imeshikwa mkono mmoja, mkono wa pili ana pochi. Bibi yule alikuwa akiishi nyumba yake kule nyuma ya soko, na alikuwa akimlipa mwanawe ada ya televisheni kama mteja mwingine yeyote. Alikataa kupewa bure. Alisema biashara ya kugawia mama ni biashara inayokufa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Bili yangu iko wapi?"

Nikatafuta. Haikuwapo. Akasema hata zile za mwezi wa pili na wa nne hazikuja, alidhani mwanawe anamfanyia ujanja wa kumlisha bure, na leo amekuja kugomba. Bosi akatoka ndani anacheka, anamwambia mama aende nyumbani akapumzike. Mimi sikucheka. Bibi yule hakukaa mwinuko. Hakupata kuwa kwenye njia ya mjomba. Ada yake aliileta mwenyewe dirishani. Nikamwambia bosi, kwa sauti ambayo nadhani mpaka wauza nyanya chini walisikia, "Na huyu naye alimhonga mjomba wangu kabichi?"

Bosi akaacha kucheka. Nikafungua jina la mama yake: ameunganishwa tarehe thelathini na moja.

Mtaalamu wa Dar alikuja siku ile ile jioni baada ya kupigiwa simu. Nimshukuru, hakuwa mtu wa kujitetea. Akanakili kumbukumbu zetu kwenye disketi, akazifungua kwenye kompyuta yake ya mkononi asiharibu zetu, akairudisha saa ya mashine hadi tarehe thelathini mwezi wa nne. Ikachapa wa tarehe thelathini. Akaisogeza siku moja mbele, ikawa mosi mwezi wa tano. Ikachapa wa tarehe mosi. Wa thelathini na moja hawakutokea popote. Programu ilikuwa ikiwasubiri siku yao, na mwezi wa nne siku hiyo haipo. Akajaribu mwezi wa pili, ishirini na nane kisha mosi, wakapotea wa ishirini na tisa na wa thelathini pia. Mwezi wa tatu wote wakarudi. Kila mwezi mfupi ulimeza watu wake, na ulimeza wengi kule mwinuko kwa sababu tuliwaunganisha wote siku moja.

Akavua miwani. "Kosa ni langu," akasema. "Siku ya mwisho ya mwezi ilitakiwa iwachukue na wote wenye tarehe zilizobaki." Aliirekebisha kabla ya chakula cha usiku. Jambo lililomvua mjomba wangu utu lilirekebishwa kwa mistari isiyojaza kiganja.

Bosi akasema bili za miezi iliyorukwa zisichapwe, wateja wasidaiwe, uzembe ni wa kampuni. Na mzee arudi kazini, mshahara wake alipwe. Sikumwachia hapo. Nikasema hela baadaye, kwanza uende kigangoni ukaseme. Ulimchafulia jina mbele ya watu, ukalisafishe mbele ya watu. Akakubali. Akasema Jumapili.

Nilipanda mlima nikikimbia. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi. Nilitegemea angalau atacheka. Akasema, "Mimi nilijua sijaiba, mpwa wangu. Wa kuambiwa si mimi."

"Bosi atakuja Jumapili, mjomba."

"Aje."

Jumapili ile bosi alikuwa na mgeni kutoka Dar. Jumapili ya pili gari liliharibika. Ya tatu mkaguzi alimpigia simu kumwambia asiseme kitu hadharani mpaka ripoti mpya isainiwe, na hata Jumapili ya nne ripoti ilikuwa haijasainiwa, maana nani anataka kusaini kwamba alikuwa mjinga? Kila Jumatatu niligombana naye. Aliniambia nisiwe na haraka, ukweli hauozi. Ebo! Ukweli hauozi, lakini binadamu je? Mimi mwenyewe nilisimama kanisani nikasema, wakaniitikia kwa upole. Mpwa atasema nini kingine?

Mjomba alivaa koti lake la arusi Jumapili zote hizo. Mkewe alinieleza. Misa ikiisha anabaki benchi la nyuma, anatazama mlangoni kule barabara inapokata kona, mpaka katekista anafunga madirisha. Halafu anashuka nyumbani polepole, anavua koti, analitundika. Hakumlaumu mtu. Laiti angelaumu! Angetukana, angepiga meza kama mimi, pengine moyo ungepata pa kupumulia. Presha ilimkuta shambani katikati ya wiki, mwezi wa nane, wakati wa kuvuna njegere. Walimshusha kwa machela hadi kufika barabarani. Alikata roho kabla ya hospitali.

Bosi alikuja mazikoni. Alipanda kwa miguu sehemu ambayo gari haliwezi, viatu vyake vikajaa matope, na mama yake mzee alimsubiri kwenye gari akilia. Akasimama mbele ya kaburi, akasema yote, kwa Kiswahili chake cha dukani: kwamba mzee hakuiba hata senti, kwamba ni mashine, kwamba yeye ndiye aliyechelewa. Aliyasema vizuri. Wazee wa kigango waliinamisha vichwa. Mimi nilimsikiliza nikitafuta ndani yangu pa kumsamehe, sikupaona, na mpaka leo sijapaona vizuri. Jumapili nne alikuwa na watu wa kuambiwa na mtu wa kusikia. Sasa mtu wa kusikia tulikuwa tumeshamfukia.

Watu walipoanza kutawanyika nilikaa kwenye jiwe nje ya nyumba. Yule mama muuza karoti akaja akasimama mbele yangu. Akafungua fundo la kanga, akatoa noti zilizokunjwa zikakunjika, zina harufu ya udongo. Akasema ni ada ya mwezi wa nne, ile ambayo mzee aliikataa. Hakuitumia. Alikuwa akiiweka akingoja mzee arudi na karatasi yake. Nikamweleza kwamba hadaiwi, kampuni imesamehe. Akatikisa kichwa. Alisema yeye hana habari na kampuni, aliahidiana na mzee.

Akanitazama.

"Bili imetoka, mwanangu?"

Nikaipokea ile hela kwa mikono miwili.

"Imetoka, mama," nikamwambia.